Cheni yangu ya silva ilivyokatika mara nne kabla sijaenda kwa sonara (uzoefu wangu, Mtwara)

Naandika hii kwa sababu nimepoteza hela ya kijinga kabisa na sitaki mtu mwingine aipoteze. Nina cheni ya silva, ile ya pingili nyembamba za mviringo, imegongwa 925 kwenye kibati kidogo karibu na loki, gramu 11, niliinunua 95,000. Ilikatika nikiwa kwenye bajaji natoka Mikindani kuja mjini, mkanda wa mkoba ukanasa, nikavuta bila kufikiri, taa! Katikati kabisa, sio kwenye loki. Shikeni hilo la katikati maana ndo kiini cha habari yote.

Nikaenda kwa kijana mmoja anauza urembo pale mjini, akanifungia ringi ndogo, ile ya waya iliyokunjwa duara lakini ncha zake hazijaungana, unaifungua na plaizi unaingiza unabana. 2,000 tu na dakika tano. Nikafurahi. Wiki ya pili nikaikuta cheni imelala kifuani ndani ya gauni. Nikarudi akaweka ringi nyingine nene zaidi, hiyo ndo ikawa balaa kabisa kwa sababu ilikuwa inanasa nywele za kisogoni, kanga, kila kitu, na bado ikaachia. Mara ya tatu nikaona basi, nikampelekea fundi simu mmoja hapa mtaani, si ana ile pasi ya kuchomea na waya wa risasi, akaniunganisha bure kabisa, kadonge ka kijivu. Kalidumu siku nne.

Ndo nikaenda kwa sonara. Mzee wa makamo, ana meza ndogo na moto wa gesi, nikamwamkia shikamoo nikampa cheni, akaiangalia na kile kikioo cha jicho halafu akauliza, "Mwanangu, nani kaweka risasi hapa?" Nikanyamaza kidogo kwa aibu. Akanieleza kwamba risasi ya fundi simu ikiachwa kwenye silva au dhahabu halafu ukaweka moto mkali, inaingia ndani ya madini yenyewe na kuyala, yanabaki vishimo na yanakuwa kama biskuti. Kwa hiyo lazima itoke yote kabla ya moto. Aliikwangua na tupa ndogo, mwisho akaona pingili mbili zimeshaharibika akazikata akatupa pembeni (nilizidai, silva ni silva jamani). Yaani ule msaada wa bure umeniondolea pingili mbili.

Nikamuuliza mbona ringi hazikukaa. Akachukua ringi moja akaifungua na plaizi mbili. Akasema wengi wanaivuta ncha kulia na kushoto, duara linapanuka na halirudi tena kuwa duara, wakati inatakiwa kusukuma ncha moja mbele na nyingine nyuma, kama unavyofungua mlango, ukirudisha zinakutana bila kuacha upenyo. Lakini hata ukiibana vizuri vipi, mpasuko upo, kinachoushikilia ni ugumu wa waya peke yake, na waya wa ringi za bei rahisi ni laini. Katikati ya cheni pingili inazunguka na kuvutwa siku nzima, shingo ikigeuka na yenyewe inageuka, mpaka siku moja pingili jirani inaukuta mpasuko na kupenya. Pale kwenye loki ni tofauti, ringi haizunguki sana na ikiachia unaifunga tena. Kwa hiyo ringi ni ya kwenye loki na ya kuning'inizia kidani, katikati ni kuchomea kwa moto.

Kazi yenyewe nilikaa nikaiangalia. Alichukua waya wa silva unene uleule wa pingili zangu, akakunja pingili moja mpya, akaziunganisha ncha zake mpaka zikagusana kabisa, akaniambia lehemu haizibi pengo, inapita tu kwenye mshono uliobanana, ukiona fundi anaziba uwazi kwa kumwaga lehemu nyingi ujue itakatika. Akapaka boraksi iliyolowa, akaweka kichembe cha lehemu ya silva, kidogo kuliko punje ya mchele, kidogo sana, mimi nilidhani amesahau kukiweka. Pingili za jirani akazivuta mbali na mshono. Moto akaupitisha kwanza kwa mbali, maji ya boraksi yakakauka, halafu akausogeza, mara kale kachembe kakang'aa kakakimbia ndani ya mshono, akatoa moto palepale. Sekunde chache tu. Akizidisha, lehemu inakimbilia pingili za pembeni na unapata cheni yenye kipande kigumu kama kijiti. Pia loki alikuwa ameshaiweka mbali, ndani yake kuna springi ya chuma, ikipata moto inalegea na loki haifungi tena.

Ikatoka nyeusi, nikashtuka, akaitumbukiza kwenye maji ya moto ya shabu, ile ya kusafishia maji ya kisima, ikarudi nyeupe, akaisugua. 10,000. Kabla ya kulipa akanifundisha kuikagua: pitisha cheni kwenye kitambaa laini, isinase popote, halafu ishike ikiwa imening'inia, kila pingili iweze kukunja yenyewe. Sasa ni mwezi wa saba naivaa kila siku, hata kuogea baharini Shangani (najua, msinitukane).

Nikapata tamaa nikapeleka na za nyumbani. Ya mdogo wangu, dhahabu ya kuchovya, aliinunua 12,000, sonara hata kuiweka mezani hakutaka. Ukiichoma, ile ngozi ya juu inaungua pale ulipochoma na shaba ya chini inajitokeza, halafu kuichovya upya ni gharama kuliko cheni nzima. Hiyo nunua nyingine tu.

Ya mama ndo iliniuma. Silva ya zamani, imekatika sehemu moja, nikajua ni 10,000 nyingine. Mzee akanipa kile kikioo nichungulie mwenyewe: kila pingili inapogusana na mwenzake imelika, sehemu nyingine imebaki kama nusu ya unene. Akasema nikikuchomea hapa, mwezi ujao utarudi na pale, na kila mshono ni hela yako. Akaipima ikawa gramu 8, akakubali kuipokea kwa uzito tukaongeza hela tukapata mpya. Mama alinuna siku mbili. Mimi naona alikuwa sahihi huyo mzee, ingawa ukweli ni kwamba na yeye kauza cheni, tusijifanye hatujui.

Kitu kimoja zaidi. Nilimwomba na ringi ya kwenye loki aichome ili niwe na amani kabisa, akaniuliza una mtoto mdogo? Ninaye, mwaka na nusu, mkono wake hautulii. Akasema basi hiyo tuiache hivyohivyo, akivuta iachie ringi, isikatike cheni wala isikukate shingo. Mwezi uliopita kavuta kweli, ringi ikafunguka, nikaifunga mwenyewe na plaizi mbili za mume wangu, mbele na nyuma kama mlango.