Michezo ya kadi au roboti ya kuunda, ipi ianze kumfundisha programu mtoto wa miaka 11?

Mimi ningeanza na kadi. Andika mbele, geuka kulia, geuka kushoto kwenye vipande vya boksi, mtoto apange njia kwenye vigae vya sebuleni mpaka kwenye kikombe, halafu wewe ndo uwe roboti na utii kadi tu. Akiweka "geuka kulia" akidhani utageuka na kusogea, wewe geuka hapohapo usiende popote, atashangaa, atarudi kwenye kadi moja moja mpaka aone imepungua "mbele". Akichoka kupanga mbele nne mfululizo, mpe kadi ya "rudia mara 4", hapo kashaelewa kitanzi, yaani kurudia amri ileile bila kuiandika tena na tena.

Roboti ya kufuata mstari mweusi ina utamu wake, inatembea kweli! Ila programu inaweza kuwa sahihi na bado ikatoka nje ya mstari, labda jua la dirishani limeichanganya sensa yake ya kuona mstari, au betri imechoka, na kama inageuka kwa kuhesabu sekunde basi kona ya nyuzi 90 inaishia katikati. Mtoto asiyezoea kutafuta kosa ataifuta programu nzima bure. Kwahiyo nunua akishaweza kusahihisha kadi zake mwenyewe, na betri za kuchaji ziwepo.