Mkurugenzi mwaminifu anaweza kudaiwa: mgongano wa maslahi na uzembe

Mkurugenzi wa kampuni ana wajibu wa kuepuka mgongano wa maslahi na wajibu wa kuwa mwangalifu. Wajibu hizi mbili huchanganywa, ingawa mahakama huzipima tofauti.

Tuanze na mgongano wa maslahi, maana ndio mkali zaidi. Katika kesi ya Regal (Hastings), iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1942, kampuni ilitaka kukodi majumba mawili ya sinema kupitia kampuni tanzu. Mtaji uliohitajika ulikuwa pauni 5,000, na kampuni ilimudu 2,000 tu. Wakurugenzi wakanunua sehemu ya hisa zilizobaki kwa fedha zao, kisha wakaziuza kwa faida. Hawakuwa na nia mbaya, na kampuni haikupata hasara. Hata hivyo waliamriwa kurudisha faida hiyo, kwa sababu fursa waliipata kwa cheo chao na hawakuomba idhini ya wanahisa. Kwangu hapo ndipo penye somo: kura moja ya wanahisa ingewalinda.

Wajibu wa pili, uangalifu, hupimwa kwa mwenendo. Swali ni kama mkurugenzi makini mwenye nafasi na ujuzi huo angefanya vile, na kama kampuni imepata hasara. Uamuzi uliofikiriwa vizuri ukagonga mwamba si kosa. Lakini katika kesi ya Dorchester Finance, wakurugenzi wawili wasio watendaji, ambao ofisini walifika kwa nadra, walisaini hundi tupu, na mwenzao akazitumia kukopesha watu fedha ambazo hazikurudi. Wote watatu waliwajibishwa. Wale wawili hawakuchukua chochote. Walitia saini bila kuuliza.