Google Calendar kwa Familia Nzima: Rangi, Ruhusa, na Kitufe cha Free Kinachoniudhi

Jamani habari zenu, karibuni tena. Leo nina simu tatu hapa mezani na kompyuta moja. Hii ya kushoto ni yangu, ya kati ni ya mke wangu, hii ya kulia ni ya mdogo wangu anayekaa nasi hapa Tabata. Wote watatu tunatumia kalenda moja, na kuna kitu kimoja ndani yake nakipenda sana, na kingine kinanikera mpaka nimeamua kukitengenezea video nzima. Kaeni mpaka tufike huko, maana hicho ndicho kinachowagonganisha watu wengi bila kujua chanzo.

Kujisajili sikuelezi. Ukiwa na Gmail, kalenda unayo tayari, na ni bure. Tuingie kwenye kuigawa.

Ukitengeneza kikundi cha familia cha Google, nyinyi watu hadi sita, utaletewa kalenda inaitwa Family bila hata kuiomba. Wengi wanaishia hapo. Mimi nasema iacheni. Kila aliyemo kwenye kikundi anaweza kuandika, kubadilisha na kufuta chochote kwenye hiyo kalenda, na huna pa kumpunguzia mtu mmoja ruhusa. Kijana wako wa sekondari anafuta kliniki ya bibi akidhani anafuta ya kwake, imekwisha.

Tengeneza yako. Kwenye kompyuta fungua calendar.google.com, pembeni kushoto pale Other calendars bonyeza alama ya kujumlisha, chagua Create new calendar. Mimi nimetengeneza mbili: moja naiita Nyumbani, nyingine Gari. Gari tutairudia, ina raha yake. Sasa bonyeza vidoti vitatu mbele ya jina, Settings and sharing, shuka mpaka Share with specific people or groups, andika barua pepe ya mtu. Hapo unakuta ngazi nne.

Ya chini kabisa ni See only free/busy. Mtu anaona tu kwamba una shughuli, haoni ni ipi. Inayofuata ni See all event details, anasoma kila kitu ila hagusi. Halafu Make changes to events, anaandika na kufuta. Ya juu ni Make changes and manage sharing, huyo anaweza hata kumwingiza mtu mwingine. Kwetu hiyo ya juu tunayo mimi na mke wangu tu. Mdogo wangu ana Make changes kwenye Nyumbani. Dada anayetusaidia nyumbani ana See all event details, maana anahitaji kujua siku watoto wanatoka shule mapema, lakini hana sababu ya kuhamisha kitu.

Angalizo moja kuhusu hii ngazi ya tatu. Ukiandika tukio ukaliwekea Private, usidhani limefichwa kwa kila mtu. Mwenye Make changes kwenye kalenda hiyo bado analisoma. Kwa hiyo kama una miadi ya hospitali usiyotaka shemeji aijue, iandike kwenye kalenda yako binafsi, na hiyo binafsi mpe free/busy tu.

Haya, rangi. Hapa ndipo ninapopapenda.

Sogeeni muone. Kwenye simu yangu Nyumbani ni kijani, Gari ni nyekundu, ya kwangu binafsi ni bluu. Angalia simu ya mke wangu: Nyumbani kwake ni zambarau! Hatujakosea. Rangi ya kalenda kila mtu anajichagulia kwenye akaunti yake, na ukibadilisha yako ya mwenzio haibadiliki. Sasa fikiria mtu anakuambia kwa simu, "Angalia ile ya kijani ya Jumamosi," na kwako kijani ni ya watoto. Kwa hiyo kaeni sebuleni siku moja, kila mtu na simu yake, mkubaliane rangi. Sisi tumeshakubaliana, ya mke wangu nimeiacha hivi makusudi muone. Ngoja niirudishe kijani. Haya.

Lakini faida kubwa ya rangi kwangu si urembo. Rangi inaniambia kama tukio limeingia kalenda sahihi. Tazama. Naandika "Kikao cha harusi, Kimara", naweka saa, nabonyeza Save. Limetoka bluu. Bluu ni yangu binafsi, maana yake mke wangu hajaliona na hataliona kwa jina. Nalifungua, nabonyeza penseli, nagusa jina la kalenda, nachagua Nyumbani. Limekuwa kijani. Sekunde tano. Kila ukishaandika tukio, angalia rangi kabla hujaweka simu chini. Na simu nyingi huja na kalenda yao nyingine ya kiwandani. Ukiandikia humo, tukio linaweza kubaki kwenye simu hiyo hiyo tu. Kwa hiyo familia nzima itumie programu moja, hii ya Google.

Kuna wanaoniuliza mbona nisitumie programu nyingine za kalenda kama TimeTree au Cozi. TimeTree ni nzuri, imetengenezwa kwa ajili ya familia hasa, ina matangazo ukiwa hulipi. Cozi mwaka 2024 walibana, asiyelipa anaona siku 30 tu za mbele. Mtu anayepanga harusi ya Desemba kuanzia Agosti, siku 30 zitamsaidia nini? Na matukio ya kwenye kundi la WhatsApp yanafaa kwa kikao kimoja, kupanga gari la familia hapana.

Sasa kero yangu. Leteni macho.

Kwenye simu yangu naandika "Niko Morogoro", Ijumaa, nawasha All day kwa sababu nitakuwa huko kutwa. Save. Mimi naliona juu kabisa ya siku, limekaa vizuri. Mdogo wangu kwenye kalenda yangu binafsi nimempa free/busy tu. Tufungue simu yake, vidoti, Refresh... Ijumaa. Mnaona? Nyeupe! Hakuna kitu. Kwa macho yake mimi nipo mjini na sina kazi.

Sababu ni hii. Tukio la saa maalumu, Google yenyewe huliwekea hali ya Busy. Tukio la siku nzima huliwekea Free. Nadhani waliwaza sikukuu za kuzaliwa, na kweli birthday haikufungi kazi. Lakini sisi safari, msiba, zamu ya kumuuguza mgonjwa, vyote tunaandika siku nzima! Na tukio lenye Free halionekani kabisa kwa mtu mwenye ruhusa ya free/busy. Inakera sana, kwa sababu aliyeandika anaamini ametoa taarifa.

Dawa: fungua tukio, penseli, shuka chini mpaka uone Free, libadilishe liwe Busy. Save. Turudi simu ya mdogo wangu, Refresh. Hilo hapo! Limeandikwa busy, haoni Morogoro, lakini anajua Ijumaa nisiguswe.

Na sijamaliza. Sehemu ya pili ya kero ni mbaya zaidi. Kile kikao cha Kimara kipo Nyumbani, kijani, Busy, Jumamosi 15:00 hadi 18:00. Dada yangu aliyeko Arusha hayumo kwenye Nyumbani, ila kalenda yangu binafsi nimempa free/busy. Akitengeneza tukio la Jumamosi hiyo akaniweka mimi kuwa mgeni, akafungua Find a time kwenye kompyuta, ataniona nina nafasi. Kalenda inapokagua nafasi ya mtu kwa barua pepe yake inasoma kalenda yake kuu tu, hii ninayoiita binafsi. Nyumbani ni kalenda ya pembeni, haihesabiwi kwa mtu yeyote. Kwa hiyo tukio la Nyumbani linalohitaji mwili wako uwepo, ongeza wahusika pale Add people. Kikao cha Kimara nimemweka mke wangu na mimi mwenyewe. Sasa kinaingia kwenye kalenda zetu kuu, na huko ndiko kinakozuia nafasi. Utakiona mara mbili, kijani na bluu. Mimi nakubali kukiona mara mbili.

Maana mjue, kalenda hii haikatai. Ukiandika mambo mawili kwa saa ile ile inayapokea yote kimya. Dalili ni moja: fungua mwonekano wa Day, ukikuta vibao viwili vimebanana ubavu kwa ubavu, mmegongana.

Turudi kwenye Gari. Gari ni moja, madereva wawili, kwa hiyo ni sisi wawili tu tunaoandika humo, wengine wanasoma. Jumamosi ile ile mke wangu aliandika "Mama – kitchen party Sinza, 13:00 hadi 16:00". Kikao cha Kimara ni 15:00. Kabla sijaandika niliondoa tiki kwenye kalenda zote nikaacha Gari peke yake, nikafungua Day, nikaona kibao kimeshakaa. Kimara nitaenda kwa daladala, hakuna aliyenuna. Na tunaandika kuanzia funguo zinapotoka mpaka zinaporudi, siyo muda wa shughuli. Shughuli inaanza saa nane, lakini Tabata mpaka Sinza Jumamosi mchana, foleni mnaijua, ndiyo maana aliandika 13:00. Safari mbili zikifuatana bila nafasi katikati, mtagongana tu hata kama kwenye skrini vibao havijagusana.

Hapo hapo, saa. Wekeni simu zote mtindo wa saa 24. Mzee wetu akisikia saa tisa anaandika 9, na simu inampangia kikao asubuhi. Sisi saa tisa alasiri tunaandika 15:00, na kwenye jina la tukio tunaongeza "saa 9 alasiri" ili wote wasome kitu kimoja.

Jambo la mwisho, mtandao. Bando likikata, ulichoandika kinakaa kwenye simu yako mpaka data irudi, na wenzio wanaona nafasi iko wazi. Ndiyo maana siku zenye ushindani, kama wikiendi za harusi, tunaandika kisha tunapiga simu. Kwenye kompyuta pia, ingia Settings ya kalenda ya Nyumbani, sehemu ya Other notifications, pale New events weka Email. Mtu akiandika kitu kipya unapata barua pepe. Kila mtu ajiwekee mwenyewe, mpangilio huu hausafiri na ruhusa. Na mtu akifuta kwa bahati mbaya, kuna Trash kwenye kompyuta, tukio linakaa humo kama siku 30, mwenye ruhusa ya kubadilisha analirudisha.

Wenye iPhone mnaotumia kalenda ya Apple na hamuioni Nyumbani hata baada ya kukubali mwaliko: fungueni kivinjari, andikeni calendar.google.com/calendar/syncselect, wekeni tiki kwenye kalenda mliyogawiwa, bonyezeni Save, kisha fungueni upya kalenda ya simu. Kama mna familia yenye gari moja na madereva watatu, niandikieni mnagawanaje, nataka kuona.