Kozi fupi ya uhasibu wa kompyuta: kilichostahili ada yangu na kisichostahili

Nilipomaliza stashahada ya uhasibu na kuanza kutafuta kazi Dar es Salaam, sikulipia kozi yoyote kabla ya kukusanya matangazo ya nafasi za msaidizi wa mhasibu na kuyasoma kwa makini. Masharti yaliyojirudia yalikuwa machache: kutumia programu za uhasibu za Tally au QuickBooks, kuandaa ritani za TRA, na kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki. Vyeti vya uongozi na ujasiriamali, ambavyo ndivyo vinavyopigiwa debe zaidi, sikuviona vikitajwa.

Kituo cha kwanza nilichokwenda kilikataa kunionyesha mada za kozi, na nilipouliza kuhusu mtihani nikajibiwa kwamba kila anayehudhuria hupewa cheti. Niliaga. Cha pili kiliniruhusu kukaa katika kipindi kimoja bila malipo, na hicho ndicho kilichoniridhisha. Mwalimu aligawa ankara ya huduma ya kitaalamu ya shilingi 1,180,000, VAT ikiwa ndani yake, akataka tuiingize. Wengi tulikimbilia kutafuta asilimia 18 ya kiasi hicho chote, tukapata 212,400. Akatueleza kwamba jumla hiyo ni asilimia 118 ya bei halisi, kwa hiyo hugawanywa kwa 1.18: bei ni 1,000,000 na kodi ni 180,000. Kisha akaongeza kodi ya zuio ya asilimia 5, ambayo hukatwa kwenye ile milioni moja, si kwenye jumla. Kwa hiyo mtoa huduma analipwa 1,130,000, na 50,000 zinapelekwa TRA. Anayefundisha hivi anaijua ofisi, hajui vitufe vya kompyuta tu.

Katika usaili uliofuata, cheti changu kilitazamwa juu juu, halafu nikapewa kompyuta na rundo la ankara za aina hiyohiyo. Kazi niliipata.

Kasoro zipo. Kompyuta zilikuwa chache, tukawa tunapokezana, na mfumo wa ritani wa mtandaoni tulionyeshwa kwa picha tu. Aidha, cheti hiki hakichukui nafasi ya mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Tangazo likitaka CPA, sifa inayopatikana kwa mitihani hiyo, cheti cha Tally hakitakuvusha, na kama fedha ni za kuchagua kimoja, mwenye shahada aziweke huko.

Ningempendekezea kozi hii mtu ambaye hajawahi kushika ankara halisi. Aliyekwisha kufanya kazi ya hesabu anaweza kupakua TallyPrime na kuifungua katika hali ya mafunzo, ambayo hailipiwi. Kikwazo chake ni kwamba inakubali kuingiza miamala ya tarehe 1, 2 na ya mwisho wa mwezi pekee, jambo ambalo kwa mazoezi halina madhara.