Uzoefu wangu: geji ya sindano ya mikroampea 100 na pakiti ya rezista za asilimia 1

Nimenunua geji ya sindano na pakiti ya rezista za filamu ya metali katika duka la vifaa vya elektroniki hapa Mtwara mjini, nikakusudia kutengeneza voltimita ya volti 15, 50 na 250 za mkondo mnyoofu, hasa kwa ajili ya betri za sola.

Sindano hufika mwisho kwa mikroampea 100, kwa hiyo kila volti moja inahitaji omu 10,000. Upinzani wa ndani wa geji niliupima kwa kuifikisha sindano mwisho kupitia betri ya volti 9 na rezista kubwa, kisha nikaweka rezista ya kurekebisha sambamba na geji hadi sindano ikashuka nusu. Rezista hiyo ilisoma karibu omu 2,000. Geji kama hii isipimwe moja kwa moja kwa mita ya omu, kwani mkondo wake unaweza kuiharibu sindano.

Rezista nilizifunga kwa mfuatano mmoja, swichi ikichukua kila kiungo. Volti 15 zinahitaji jumla ya kilo-omu 150. Ukitoa 2 za geji zinabaki 148, nazo zinapatikana kwa 130 na 18. Kufikia volti 50 naongeza 350, yaani 330 na 20. Kufikia 250 naongeza megaomu 2, na hapa nilitumia mbili za megaomu 1, kwa sababu kipimo kikijaa kipande hicho hubeba volti 200. Joto lake ni dogo mno, takriban wati 0.02, lakini rezista ndogo ina kikomo chake cha volti, na kuugawa mzigo ni salama zaidi.

Asilimia 1 ndiyo iliyonifanya nisinunue zile za bei rahisi za asilimia 5. Betri ya risasi ya volti 12 iliyotulia ikijaa husoma karibu 12.6, na ikikaribia kuisha karibu 12.0. Kosa la asilimia 5 linaweza kuifuta kabisa tofauti hiyo. Hata hivyo, uso wa geji umeandikwa 2.5, maana yake sindano yenyewe yaweza kukosea hadi asilimia 2.5 ya kipimo kizima, yaani volti 0.375 kwenye kipimo cha 15, kwa hiyo niliilinganisha na mita ya kidijitali karibu na 12.6 na kuandika tofauti pembeni ya uso.

Kwa wenzangu wa Mikindani na pwani kwa jumla: safisheni ubao kwa spiriti na kuupaka vanishi, maana chumvi na unyevu huupitishia mkondo kando ya megaomu 2 na kuifanya sindano isome juu.

Geji naipendekeza kwa betri na sola. Kwa saketi zenye rezista kubwa haifai, kwa kuwa kwenye kipimo cha volti 15 yenyewe ni mzigo wa kilo-omu 150.