Bonde la Ufa: Natron na Tanganyika

Bamba la Afrika, tabaka kubwa la mwamba linalobeba bara, linaachana milimita chache tu kwa mwaka, lakini mikono miwili ya Bonde la Ufa inapasuka kwa namna tofauti.

Magharibi, kwenye Ziwa Tanganyika, mwamba ni mzee, mnene na wa baridi. Hauna budi kukatika. Upande mmoja wa ufa mkubwa hudidimia, tetemeko baada ya tetemeko, na shimo linalobaki hujaa maji: kina chake leo ni kama mita 1,470. Volkeno zipo, kama Nyiragongo, ila ni za sehemu chache.

Mashariki, magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, hufanya kazi kubwa zaidi. Julai 2007 matetemeko yalitikisa eneo la Gelai, karibu na Ziwa Natron. Vipimo vya satelaiti vilionyesha ardhi imetanuka: magma ilikuwa imejipenyeza wima chini yake bila kufika juu. Miezi michache baadaye volkeno ya jirani, Ol Doinyo Lengai, ikalipuka kwa nguvu. Majivu na lava za volkeno hujaza bonde, na Natron haina kina. Mtu mzima angeweza kusimama sehemu nyingi.

Kwangu, Natron ndiyo inayoonyesha wazi zaidi bara likipasuka.