Namba ya Bongo na ya Kenya kwenye picha yenye ukungu

Jana jamaa kanitumia picha ya Noa imepaki Kirumba, namba haisomeki vizuri, anauliza ya wapi. Mi siangalii herufi kwanza, naangalia zimekaaje: ya kwetu inaanza na T peke yake, tarakimu tatu, halafu herufi tatu, kama T 482 DKM, ya Kenya imegeuzwa, herufi tatu mwanzoni, tarakimu, inamalizia na herufi moja, KCB 317X. Ile mkiani ilikuwa na herufi moja tu, basi si yetu. Ila Uganda nao namba zao za zamani zimepangwa hivyohivyo, inabidi uione K au U. Rangi ya njano inachanganya, kwetu ni gari binafsi, Kenya unaikuta nyuma tu, mbele nyeupe.